Kutoka na Umande, Kurudi na Upepo wa Bahari: Namna ya Kupanga Saa za Ngalawa

Mwongozo huu ni wa mvuvi anayetumia ngalawa au mtumbwi wa tanga katika pwani ya bara ya Tanzania, hasa kati ya Bagamoyo na Dar es Salaam, ambaye huvua kwa mshipi au kwa dema umbali usiozidi kilomita 15 kutoka ufukweni na kurudi siku hiyo hiyo. Mfano utakaotumika ni wa chombo kinachotoka Kunduchi, kikapita kati ya visiwa na kuvua katika maji ya nje. Mvuvi wa upande wa magharibi wa Unguja asiufuate kama ulivyo, kwa sababu yeye bara iko mbele yake na kisiwa kiko mgongoni, na pepo zilezile zinazomsukuma mwenzake wa Kunduchi huweza kumpiga yeye usoni.

Wengi huanza kupanga safari kwa kuuliza saa ya kutoka. Utaratibu unaoelezwa hapa huanza na saa ya kurudi, kwa kuwa upepo wa kutokea ni mdogo na makosa yake hupoteza muda tu, ilhali upepo wa kurudia ni mkubwa, na ukikutana na maji yanayokupwa kwenye mlango wa miamba huweza kukipindua chombo.

Pepo zenyewe na nyakati zake

Jua linapochomoza, nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari. Hewa iliyo juu ya nchi hupanda, na hewa ya baharini iliyo baridi kidogo huingia kujaza nafasi yake; huo ndio upepo wa bahari. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa upesi, bahari hubaki na joto lake, na hewa nzito ya bara huteremka kuelekea majini. Wavuvi wengi huuita upepo huu umande, na jina hilo ndilo litakalotumika hapa.

Kwa pwani ya Dar es Salaam, umande huanza kuonekana kati ya saa nne na saa sita usiku, hupata nguvu yake kamili kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kisha hufifia baada ya jua kupanda, mara nyingi kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Hapo hufuata shwari. Upepo wa bahari huanza karibu saa nne au saa tano asubuhi, hufika kilele kati ya saa nane mchana na saa kumi jioni, na hulegea jua linapozama.

Pepo hizi mbili hazilingani nguvu. Umande wa kawaida huvuma kwa kilomita 8 hadi 10 kwa saa, na hewa inayosogea ni tabaka jembamba lililolala juu ya maji. Kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyokonda, na zaidi ya kilomita 15 au 20 usiutegemee. Upepo wa bahari hufikia kilomita 20 hadi 25 kwa saa kwa urahisi, na msimu unapouunga mkono huzidi hapo. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya safari ya kwenda iwe ndefu na ya kurudi iwe fupi hata kama umbali ni uleule.

Nguvu ya umande hutegemea tofauti ya joto kati ya nchi na maji. Mwezi wa Julai, joto la alfajiri mjini Dar es Salaam hushuka hadi nyuzi 18 au 19 wakati maji ya bahari yana nyuzi 25 au 26, na kwa hiyo umande wa wakati huo ni wa uhakika na huendelea hadi asubuhi kubwa. Mwezi wa Februari nchi haipoi vizuri usiku, na umande huwa dhaifu na mfupi. Mawingu mazito ya usiku hufanya kazi kama blanketi: nchi haipotezi joto lake, na asubuhi unakuta tanga limelala juu ya foromali.

Hatua ya kwanza: pata saa ya maji kujaa

Kabla ya kuufikiria upepo, fahamu maji ya kesho. Tumia jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam kama unalipata. Usipokuwa nalo, uchunguzi wa mwezi utakupa makadirio ya kutosha. Mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, na katika siku mbili zinazofuata, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na tena karibu saa kumi jioni, na hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Hayo ndiyo maji ya bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Kila siku inayopita, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya juma moja hivi unafika kwenye maji mafu, ambapo maji hujaa karibu saa nne asubuhi na kupwa karibu saa kumi jioni, lakini tofauti yake ni kama mita moja tu.

Mpangilio huu ni bahati ya pwani yetu. Siku za bamvua, chombo huelea ufukweni katika saa ileile ambayo umande una nguvu, na maji yanayoanza kupwa huvuta kuelekea nje pamoja na upepo. Mchana maji hujaa wakati upepo wa bahari unavuma kuelekea nchi, hivyo mkondo na upepo huingia pamoja na bahari ya mlangoni hubaki tulivu kuliko unavyotarajia kwa upepo wa kiasi hicho.

Siku za kuogopwa si za bamvua yenyewe. Ni zile siku tatu au nne kabla yake, maji yanapokuwa yameshaanza kukua na yanajaa karibu saa saba mchana. Siku hizo maji hukupwa kuanzia saa nane hadi jioni, katika saa zilezile ambazo upepo wa bahari uko kileleni. Mkondo unatoka, upepo unaingia, na katika mlango mwembamba kati ya miamba mawimbi husimama wima, mafupi na ya karibu karibu. Ngalawa ina matengo yanayoizuia kulala ubavu, lakini haina kinga dhidi ya wimbi linaloingia kwa nyuma na kuijaza maji. Nimesikia watu wakisema kuwa bahari ya siku hizo imechafuka bila sababu, kwa kuwa upepo ulikuwa wa kawaida. Upepo ulikuwa wa kawaida kweli. Ni maji yaliyokuwa yanakwenda kinyume chake.

Hatua ya pili: hesabu saa ya mwisho ya kugeuka

Chukua mfano wa siku moja baada ya mwezi mpevu, katika Oktoba, wakati wa tanga mbili ambapo kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Mvuvi wa Kunduchi anakwenda kilomita 12 nje. Maji yatajaa saa kumi na dakika 20 alfajiri, yatakupwa saa nne na nusu asubuhi, na yatajaa tena saa kumi na dakika 45 jioni.

Kanuni ni kwamba chombo kiwe kimepita mlango si chini ya saa moja kabla ya maji kujaa, ili ucheleweshaji wowote usikusukume ndani ya maji yanayokupwa. Kwa hiyo kikomo cha kupita mlangoni ni saa tisa na dakika 45 alasiri. Ngalawa yenye tanga zima, ikisukumwa na upepo wa bahari wa kawaida, hukata takriban kilomita 10 kwa saa. Kilomita 12 zitachukua saa moja na dakika 12, tuseme saa moja na robo. Ukiondoa muda huo kwenye kikomo unapata saa nane na nusu mchana. Ondoa tena dakika 45 za akiba, kwa ajili ya nanga iliyokwama, kamba iliyokatika au tanga linalohitaji kupunguzwa. Saa ya mwisho ya kugeuka ni saa saba na dakika 45.

Akiba hiyo isiliwe na samaki. Ni kawaida kuanza kupata samaki wazuri ikiwa imebaki nusu saa, na mvuvi akajiambia kuwa upepo wa leo ni mzuri, atafidia njiani. Upepo mzuri zaidi maana yake ni wimbi kubwa zaidi, na mara nyingi ndio utakaokulazimisha kupunguza tanga na kwenda polepole.

Kwa siku ambayo maji yanajaa saa saba mchana, hesabu hiyohiyo ingekutaka uwe umepita mlangoni saa sita mchana, yaani ugeuke kabla ya saa nne asubuhi, wakati upepo wa bahari haujafika huko nje. Hilo halitekelezeki kwa tanga. Siku hizo vua karibu, ndani ya kilomita 4 au 5, nje ya maeneo ya hifadhi, au chagua njia ya kurudi yenye maji mapana na ya kina ambamo mkondo hautiwi ndani ya shingo nyembamba. Siku za maji mafu kanuni ya mlango hulegea, kwa kuwa mkondo ni hafifu. Hapo panga kwa upepo peke yake, na uwe nchi kavu kabla ya saa kumi jioni.

Hatua ya tatu: sikiliza taarifa jioni ya kabla

Mzunguko wa umande na upepo wa bahari hufanya kazi pale tu ambapo upepo mkubwa wa msimu hauukandamizi. Kwa hiyo sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania jioni ya kabla. Mamlaka hiyo hutoa onyo kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Maneno ya kawaida katika maonyo ya baharini ni upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Ukisikia hayo kwa ukanda wako, usijisumbue na hatua zinazofuata. Upepo wa bahari utaongezwa juu ya huo uliotajwa, na saa nane mchana utakuwa mkali zaidi ya ule wa asubuhi.

Hatua ya nne: upime umande ukiwa bado ufukweni

Nenda ufukweni saa tisa usiku, kabla ya kupakia chochote. Simama ukiitazama bahari. Umande wa kweli utausikia kisogoni na mabegani, una ubaridi na ukavu fulani, na unaleta harufu za nchi kama moshi wa kuni na majani. Ukitia kitambaa chepesi juu ya mti mrefu, kinyooke kuelekea majini na kibaki hivyo kwa dakika 15 bila kuzungukazunguka. Tazama pia maji yaliyo karibu na nchi: umande huyaacha laini karibu na ufukwe, na vikunyanzi huanza mbele kidogo.

Ukikuta upepo unatoka kusini na una unyevunyevu, na mawimbi yanapiga ufukweni kwa nguvu saa hiyo ya usiku, jua kuwa kusi haijalala. Kusi iliyovuma usiku kucha ufukweni itakuwa kali zaidi huko nje, na mchana itaungana na upepo wa bahari. Kaa.

Dalili inayodanganya zaidi ni umande uliopo ufukweni lakini usiofika mbali. Hutokea sana kati ya Juni na Agosti. Ufukweni kila kitu ni kizuri, chombo kinakwenda vizuri kwa kilomita 5 au 6, kisha ghafla tanga linapigapiga, panatokea ukanda wa upepo usio na mwelekeo, na baada yake unakutana na kusi iliyo kamili. Alfajiri ikianza kupambazuka unaweza kuuona mpaka huo kabla ya kuufikia: mbele yako utaona mstari wa mawingu ya chini yaliyojipanga sambamba na pwani, wakati mwingine yakidondosha mvua, na chini yake maji yamekuwa meusi na yamekwaruzwa. Hapo ndipo hewa ya bara inapogongana na hewa ya bahari. Kama mstari huo uko kabla ya mahali ulipokusudia kuvua, vua upande wako wa mstari.

Hatua ya tano: kutoka

Tukirudi kwa mvuvi wetu wa Oktoba, anasukuma chombo saa kumi na nusu alfajiri. Maji yamejaa na yanaanza kugeuka, hivyo halazimiki kuiburuta ngalawa juu ya mchanga na nyasi bahari, kazi ambayo huvunja matengo na migongo ya watu. Umande wa kilomita 9 kwa saa unaipa ngalawa mwendo wa takriban kilomita 6 kwa saa, na maji yanayokupwa yanaongeza kidogo. Atafika saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa limekwisha kuchomoza, na umande utakuwa umebakiwa na muda wa kumfidia akichelewa.

Njiani anapita karibu na Mbudya na Fungu Yasini, ambavyo pamoja na Bongoyo na Pangavini ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Dar es Salaam. Apite tu, asitupe mshipi wala dema humo. Visiwa hivyo pia hukata umande. Upande wake wa mashariki, ndani ya umbali mfupi, tanga litalegea kwa dakika chache, na mtu asiyejua hudhani upepo umekwisha. Endelea kwa makasia hadi utoke kwenye kivuli cha kisiwa.

Katika msimu wa kusi usielekeze chombo moja kwa moja mashariki. Mkondo mkubwa wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi ndio huwa na nguvu zaidi. Umande wa msimu huo nao huelekea kutoka kusini-magharibi, jambo ambalo linakufaa, kwa sababu unaweza kwenda kusini-mashariki upepo ukiwa ubavuni. Shika njia hiyo, ili uvue mahali palipo kusini mwa nyumbani. Sababu yake utaiona katika hatua inayofuata.

Hatua ya sita: shwari na kungoja

Kati ya saa tatu na saa sita mchana huwa hakuna upepo wa kutegemea. Upepo wa bahari huanzia karibu na pwani kisha hupanuka kuelekea bara na kuelekea nje kwa wakati mmoja, kwa hiyo aliye kilomita 12 nje huupata baadaye kuliko aliye ufukweni. Usishangae kuona minazi ya pwani inayumba huku tanga lako limelala.

Huu ndio muda wa kuvua kwa nanga. Anayevua akielea, bila nanga, anapaswa kuhesabu anakopelekwa. Tuseme mkondo una kilomita 2 kwa saa, ambao kwa msimu wa kusi si mkondo mkubwa. Saa mbili za shwari zitakupeleka kilomita 4 kaskazini. Upepo wa bahari ukija wakati wa kusi utatoka kusini-mashariki, nawe utatakiwa kurudi kuelekea kusini-magharibi, na upepo utakuwa ubavuni badala ya nyuma, huku mkondo ukiendelea kukuvuta. Safari ya saa moja na robo inakuwa ya saa mbili na zaidi. Aliyeanza kilomita 4 kusini atakuwa sawasawa na nyumbani baada ya kuelea muda huohuo, na atarudi na upepo ukimsukuma vizuri. Shika alama mbili za nchi kavu, kwa mfano jengo refu na kilima kilicho nyuma yake, na uziangalie kila nusu saa, zikiachana, unasogea.

Upepo wa bahari hujitangaza kabla haujafika. Mawingu madogo meupe huanza kujengeka juu ya bara huku anga ya upande wa bahari ikibaki safi. Kisha upande wa mashariki au wa pwani, kutegemea ulipo, utaona maji yamebadilika rangi na kuwa na vikunyanzi vidogo vinavyosogea. Kutoka kuviona hadi kukufikia ni muda wa kutosha kukusanya mishipi na kuvuta nanga. Usisubiri tanga lijae ndipo uanze kuvuta nanga.

Hatua ya saba: kurudi

Mvuvi wetu anageuka saa saba mchana, dakika 45 kabla ya saa yake ya mwisho, na saa nane na robo yuko mlangoni. Maji yana saa mbili na nusu ya kuendelea kujaa. Akipita, anakuta maji ya kutosha kumfikisha karibu na ufukwe, na kabla ya saa tisa samaki wameshuka.

Kwenda na upepo nyuma kuna hatari yake katika chombo cha tanga la pembe tatu. Upepo unapokuwa nyuma kabisa, kosa dogo la usukani hulirusha tanga upande wa pili pamoja na foromali, na watu huumia vichwa au mlingoti ukavunjika. Ni afadhali kuweka upepo kidogo pembeni mwa tezi, ukaenda kwa pembe, kisha ukageuza upande mara moja tu kwa makusudi, kabla ya kufika mlangoni, watu wote wakiwa wameinama. Ukiona mawimbi yameanza kuvunjika vichwa vyeupe kila mahali, punguza tanga wakati huo, wala usingoje mlango ndipo ufanye kazi hiyo.

Mlangoni tazama mawimbi kwa dakika chache kabla ya kuingia. Kama yanasimama na kuvunjika mahali ambapo asubuhi palikuwa shwari, maji yameshageuka na hesabu yako imepitwa. Usiingie kwa matumaini. Kama kuna kisiwa, nenda nyuma yake upande wa magharibi kwa njia pana, utie nanga na ungoje. Upepo wa bahari utalegea jua likizama, na mawimbi ya mlangoni hupungua nao.

Kaskazi na masika

Kati ya Desemba na Machi, kaskazi huungana na upepo wa bahari mchana, na upepo wa jumla hutoka kaskazini-mashariki. Umande wake ni dhaifu, kwa hiyo ongeza saa moja kwenye muda wa kwenda na utoke mapema zaidi, au fupisha umbali. Mkondo wa kaskazini hupungua nguvu msimu huo, na haifai kwenda kusini kwa mazoea ya kusi. Ukifanya hivyo utarudi ukibisha, na ngalawa si chombo cha kubisha. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mzunguko wote huvurugika: mawingu huzuia nchi isipate joto mchana wala isipoe usiku, na mvua za ngurumo huleta upepo wa ghafla usiohusiana na saa yoyote iliyoandikwa hapa.

Upepo wa bahari usipokuja

Kuna siku tanga litabaki limelala hadi saa saba mchana, hasa kama bara limefunikwa na wingu tangu asubuhi. Weka saa hiyo kuwa ya uamuzi. Watu wawili wenye makasia mazuri husogeza ngalawa kwa takriban kilomita 3 kwa saa katika maji tulivu, kwa hiyo kilomita 12 zitachukua saa nne, na mkianza saa saba mtafika saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado lina kama saa moja. Mkianza saa tisa mtaingia gizani. Kama maji yatakuwa yanakupwa mtakapofika mlangoni, pitieni pembeni mwake, karibu na miamba lakini nje ya povu, ambako mkondo ni mdogo. Bila upepo hakutakuwa na mawimbi ya kusimama, na kazi iliyobaki ni ya mikono. Upepo ukija njiani, pandisheni tanga na muweke makasia mahali yanapofikika, kwa kuwa upepo wa bahari uliochelewa namna hiyo mara nyingi hauvumi muda mrefu.